Kaye ya muuguzi ndiyo iliyoangusha wosia wa Papa

Papa alifariki mwezi wa sita 2021 nyumbani kwake Katuba, hapa Lubumbashi, miezi mitano baada ya kupigwa na kiharusi. Matanga yalipokwisha, mtoto wa shangazi aliyekuwa akiishi naye akatoa karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono, tarehe 9 Februari. Parsele nzima ilikuwa yake. Mimi na yaya yangu tulipata mstari mmoja: tumeshasoma, tunajitegemea.

Tulifika kwa avoka na hasira zetu zote. Binamu huyu alimfungia Papa, alibadilisha laini ya simu yake, wageni aliwarudisha getini. Metre akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Nani alimwona akimwandikisha?" Tukanyamaza.

Akatueleza kwamba kwa Sheria ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, robo tatu ya urithi ni ya watoto, na wosia hauwezi kutunyang'anya hivi hivi. Lakini wosia ukisimama, binamu angebaki akidai robo, na nyumba haikatwi kwa msumeno; ingebidi iuzwe. Basi tuombe ufutwe wote. Njia zilikuwa mbili: kwamba Papa alidanganywa kwa hila, au kwamba siku ile akili yake haikuwa sawa. Hila haidhaniwi, lazima ithibitishwe. Mimi nilitaka tuongeze ya tatu, kwamba mwandiko si wake. Akakataa: ukisema hakuandika, halafu ukasema aliandika akiwa hajielewi, hakimu atakuuliza uchague moja.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba kuwa mgonjwa hakutoshi. Kuna wagonjwa wa kiharusi wanaoandika wosia mzuri kabisa. Kinachohitajika ni hali yake siku ile yenyewe, au siku zinazoibana kwa karibu, kabla na baada. Hospitali ilikataa kutupa faili, eti siri ya kazi, na kwa kweli walikuwa na haki. Avoka akaomba tribinali iwaagize. Faili likaja, likasema Papa alitoka Januari akiwa amechanganyikiwa na mkono wa kulia umelegea. Vizuri, lakini Januari si tarehe 9 Februari.

Hapo yaya akamkumbuka muuguzi aliyekuwa akija kila asubuhi kumchoma insulini. Alikuwa na kaye ya shule, jalada limetoka, ndani ameandika wagonjwa wake wote wa mtaa: tarehe, sukari, kisha maneno mawili matatu. Nilifungua nikasimama palepale. Tarehe 8: "Ananiita mama yake. Hajui ni mwezi gani." Tarehe 9: "Amelala, hajibu vizuri." Tarehe 10: "Hajatambua chumba chake." Aliandika kwa ajili ya dawa, hakujua chochote kuhusu wosia, wala hana urithi anaoutafuta. Ndiyo maana neno lake lilikuwa na uzito kuliko machozi yetu.

Upande wa pili haukulala. Avoka wao alifungua ukurasa wa tarehe 12: "Leo ameongea vizuri, ameuliza habari za watoto." Akasema, mnaona, alikuwa na saa zake za akili. Metre wetu akarudi kwenye wosia wenyewe. Kurasa mbili, mistari imenyooka, namba ya parsele, vipimo vyake, hata mwaka wa kununua. Mtu ambaye jana yake hajui mwezi na kesho yake hajui chumba chake, alitoa wapi hizo namba kichwani siku ya katikati? Binamu akajibu kwamba alimletea Papa karatasi za nyumba ili anakili. Alidhani anajisaidia.

Kwa mashahidi tulijifunza kwa aibu. Jirani yetu alisimama akasema "mzee alikuwa amerukwa na akili", hakimu akamkatiza: sema ulichokiona. Ndipo akaeleza Papa alivyomkaribisha kwa jina la marehemu mume wake, na kumuuliza kazi ya Gécamines inaendaje.

Hukumu ilikuja mwaka uliofuata. Kwa hila tulishindwa: kufunga geti na kubadilisha laini, hakimu alisema, kunaweza kuwa ubaya, lakini hakuonyeshi ni kipi kilichomfanya mzee aandike. Mpaka leo linaniuma, maana nina hakika. Kwa akili tulishinda, na wosia ukafutwa. Tukahakikisha binamu anakabidhiwa nakala rasmi, kwa sababu siku zake 30 za kukata rufaa zinahesabiwa kutoka hapo. Hakukata.

Muuguzi bado ananipigia simu. Kaye iko grefe, na ndani yake kuna madeni ya watu ya insulini.