Mwenyekiti wetu leo kanikosha

Jamani Tanga hamjambo, heri ya 9 Desemba. Leo asubuhi mtaani kwetu Ngamiani tumefanya usafi wa mitaro halafu tukaitwa chini ya turubai mwenyekiti wa mtaa atusalimie, nikajua hapa tumekwisha maana watu wa maiki mnawajua, ila mzee kasimama kasema "itifaki imezingatiwa" kwisha, hajataja mgeni hata mmoja 😂

Kaanza na "Uhuru na Umoja!" tukaitikia, akatupa pole ya kazi, akina mama wa chai akawashukuru kabla ya wakubwa, hapo makofi sasa. Halafu kijana mmoja mbele akapiga kelele "hongera Tanzania kwa uhuru!", mzee akacheka akamwambia mwanangu, 1961 ni Tanganyika ndo ilopata uhuru kwa Mwingereza, bendera ilipandishwa usiku wa manane pale Dar, mwaka uliofuata tarehe hiyohiyo ikawa Jamhuri, Zanzibar wana Mapinduzi yao 12 Januari 1964 na Muungano ukaja 26 Aprili, sasa hongera ya leo usiipeleke siyo. Kijana kimya, wazee wanatikisa vichwa.

Kamalizia na tangazo moja tu, taka tulizotoa mtaroni zisiachwe pembeni mvua itazirudisha mulemule, akasema sikukuu njema wanangu, chai ipo. Maiki kazima mwenyewe. Mihogo ilikuwa bado ya moto.