Nilivyobadilisha kadi ya Wi-Fi ya laptopu yangu hapa Malindi

Nafundisha wageni Kiswahili kwa njia ya mtandao, nikiwa nyumbani kwetu Malindi, Mji Mkongwe. Kazi yote inapita kwenye laptopu moja, na masikioni navaa hedifoni za Bluetooth ili kelele za njiani zisiniingilie. Wanafunzi walikuwa wakilalamika kwamba sauti yangu inakatika na picha inaganda katikati ya sentensi. Mume wangu akashauri tuongeze kifurushi. Lakini kifurushi chetu kilikuwa cha megabiti 40 kwa sekunde, na simu yangu, nikikaa nayo sebuleni karibu na ruta, ilikuwa ikizipata takriban zote. Kitu kilikuwa kinakwama ndani ya laptopu, na kabla ya kutoa pesa nilitaka kujua ni kitu gani.

Nilianza kwa kukaa na laptopu palepale sebuleni, hatua chache tu kutoka kwenye ruta, ili suala la kuta lisinichanganye. Nikafungua dirisha la amri la Windows na kuandika:

```
netsh wlan show drivers
netsh wlan show interfaces
```

Amri ya kwanza inaonesha kadi inajua viwango gani. Kwenye mstari wa `Radio types supported` palikuwa na 802.11b, 802.11g na 802.11n tu. Hiyo ya mwisho ndiyo siku hizi inaitwa Wi-Fi 4, na ni ya mwaka 2009. Amri ya pili inaonesha kinachoendelea wakati huohuo, na mimi nilipata hivi:

```
Radio type             : 802.11n
Channel                : 6
Receive rate (Mbps)    : 72.2
```

Mistari hii mitatu ilinieleza karibu kila kitu. Chaneli 6 iko kwenye bendi ya gigahezi 2.4, na kadi yangu haikuwa na bendi nyingine. Namba 72.2 ndiyo kasi ya juu kabisa ya Wi-Fi 4 kwa antena moja kwenye chaneli ya upana wa kawaida wa megahezi 20. Hiyo ni kasi ya makubaliano kati ya kadi na ruta. Data inayofika kwako hasa huwa kama nusu yake, kwa sababu muda mwingine unatumika kwa kusubiri zamu hewani, kuthibitisha mapokezi na kurudia kilichopotea. Kwa hiyo hata siku njema kabisa laptopu yangu ilikuwa inaweza kupata megabiti 30 na kitu.

Megabiti 30 zinatosha sana kwa video, kwa hiyo hapo bado palikuwa na swali. Nikapima kasi bila hedifoni, nikapata nilichotarajia. Nikawasha hedifoni, nikacheza sauti, nikapima tena palepale: kasi ikashuka chini ya 10, na sauti masikioni ikaanza kuruka. Nikazima Bluetooth, kasi ikarudi. Nilirudia mpaka nikaridhika kwamba si bahati tu.

Sababu ni kwamba Bluetooth nayo inaishi kwenye gigahezi 2.4, kuanzia megahezi 2402 hadi 2480. Kwa kawaida hurukaruka katika chaneli zake nyembamba 79 na kujaribu kuzikwepa zile zinazotumiwa na Wi-Fi. Hilo linasaidia vifaa viwili vikiwa mbali kimoja na kingine. Kwenye laptopu kama yangu, Wi-Fi na Bluetooth zimo katika kadi moja na zinatumia antena moja, kwa hiyo kadi inalazimika kugawa zamu. Ni kama vichochoro vyetu vya mjini: mkokoteni mmoja ukiingia, mwingine hungoja mdomoni mpaka upite. Sauti ya hedifoni haiwezi kusubiri sana, video ya darasa nayo haiwezi, na vyote viwili vinaumia.

Hapo nikajua ninachokitafuta: kadi yenye bendi ya gigahezi 5, ili Wi-Fi ihamie huko na 2.4 iachiwe Bluetooth. Ruta yetu ilikuwa tayari na bendi zote mbili, kwa kiwango cha 802.11ac, yaani Wi-Fi 5.

Nikampelekea laptopu fundi wa Darajani. Aliifungua mfuniko wa chini, akanionesha kadi ndogo ya M.2 iliyofungwa kwa skrubu moja, na kando yake nyaya mbili za antena. Mmoja ulikuwa umechomekwa, wa pili umevikwa mpira na kulazwa pembeni. "Dada, una bahati," akaniambia. "Nyingine zinakuja na waya mmoja tu, na nyingine kadi yenyewe imechomelewa kwenye bodi, haitoki." Waya wa pili ni jambo kubwa, kwa sababu kwenye chaneli ya megahezi 80, Wi-Fi 5 kwa antena moja inakubaliana hadi megabiti 433, na kwa antena mbili hadi 867.

Alikuwa na kadi mbili za kunipa. Moja ni Intel AX210, yenye Wi-Fi 6E na Bluetooth ya familia ya 5. Nyingine ni Intel 8265 iliyotumika, yenye Wi-Fi 5 ya antena mbili na Bluetooth 4.2, na bei yake ilikuwa chini sana. Nikachukua ya pili, na nitaeleza kwa nini, maana watu wengi wananiuliza.

Upande wa Wi-Fi, kadi na ruta hukutana kwenye kiwango ambacho wote wawili wanakijua. Kadi ya 6E mbele ya ruta ya Wi-Fi 5 itafanya kazi vizuri, lakini itazungumza Wi-Fi 5. Bendi ya gigahezi 6, ambayo ndiyo maana ya ile herufi E, inahitaji ruta yenye bendi hiyo na Windows 11. Mimi sikuwa na kimoja wala kingine.

Upande wa Bluetooth, tangazo la "kasi mara mbili, umbali mara nne" linaloambatana na toleo la 5 linahusu ile Bluetooth ya nishati ndogo, inayotumiwa na saa, vipimo vya afya na vifaa vya aina hiyo. Tena kasi na umbali haviji pamoja: njia ya masafa marefu inapunguza kasi, na zote ni za hiari, yaani kifaa kinaweza kuandikwa 5 bila kuwa nazo. Hedifoni za kawaida kama zangu bado zinapitisha sauti kwa Bluetooth ya zamani, na hiyo haikuongezwa kasi na toleo la 5. Umbali wake unategemea zaidi nguvu ya redio na antena kuliko namba ya toleo. Ningekuwa na hedifoni mpya zenye LE Audio, mfumo unaopitisha sauti kwa ile Bluetooth ya nishati ndogo, ningefikiria vingine, kwani huo unahitaji angalau Bluetooth 5.2 pande zote mbili pamoja na Windows inayouelewa.

Fundi alinitahadharisha mambo mawili kabla ya kufunga. Kuna laptopu ambazo BIOS yake, yaani programu ya ndani inayoiwasha mashine, inakubali kadi za orodha yake tu, na ukiweka nyingine mashine inagoma kuwaka hadi uitoe. Kwa hiyo tulikubaliana aijaribu kwanza ndipo nilipe. Jambo la pili, kadi za Intel zenye namba kama AX201 zinafanana kabisa kwa umbo na AX200, lakini sehemu ya kazi yake imo ndani ya chipu za bodi maalumu za Intel. Ukizichomeka kwenye laptopu isiyo na mfumo huo hazionekani kabisa. Yangu ilikubali 8265, draiva ikaingia, na waya wa pili wa antena ukapata kazi.

Nyumbani, sebuleni, mstari wa kasi ulisoma 866.7 na chaneli 36. Hedifoni masikioni, kipimo kikatoa karibu megabiti zote 40, na sauti haikuruka hata mara moja.

Kisha nikapanda juu, kwenye chumba ninachofundishia. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa kati una unene unaozidi urefu wa mkono wangu hadi kiwiko. Gigahezi 5 hupenya vitu vizito vibaya kuliko 2.4, na hapo ilionekana wazi: nguvu ya mawimbi ikaanguka, na laptopu yenyewe, bila kuniambia, ikarudi kwenye 2.4. Hedifoni zikaanza kukatika kama zamani. Mtu akifika hapa anaweza kudhani kadi ni mbovu, ilhali ukitazama mstari wa `Channel` utaona umerudi kwenye 1, 6 au 11.

Kwenye `Device Manager`, katika sifa za kadi, kichupo cha `Advanced` kina kipengele cha `Preferred Band`, na nikachagua kupendelea gigahezi 5. Hilo pekee halikutosha, kwa sababu kupendelea hakuongezi nguvu za mawimbi. Kilichomaliza kazi ni waya mrefu wa mtandao na kuihamishia ruta kwenye uwazi wa ngazi, mahali ambapo mawimbi yanapanda bila kukutana na ule ukuta. Juu napata makubaliano ya megabiti 300 na zaidi, ambayo ni mengi kuliko kifurushi chenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo kadi haikulibadilisha. Nikitumia maiki ya hedifoni, sauti ninayoisikia inakuwa nyembamba kama ya simu ya zamani. Bluetooth ya kawaida ina njia moja ya muziki, yenye sauti nzuri lakini ya kusikiliza tu, na nyingine ya mazungumzo, yenye maiki lakini sauti duni, na laptopu inahamia ya pili mara tu maiki inapofunguliwa. Mimi sasa nachagua maiki ya laptopu kwenye programu ya darasa na kuziacha hedifoni zisikilize tu.

Mwalimu mwenzangu wa Chake Chake ana shida ileile, ila laptopu yake kadi imechomelewa. Nilimwambia atafute kifaa kidogo cha USB chenye gigahezi 5, akitumie kwa Wi-Fi, na ile kadi ya ndani aizime Wi-Fi yake aiachie Bluetooth peke yake. Akichomeke upande wa USB 2.0 kama upo, au mbali na diski ya nje ya USB 3.0, kwa sababu USB 3.0 inapofanya kazi hutoa kelele za redio kwenye gigahezi 2.4, na zikiwa karibu na antena ya Bluetooth hedifoni zitakatika tena hata Wi-Fi ikiwa imeshaondoka huko.