Usiposti ile tofauti mbele ya kutafuta maboni

Mimi ni magazinie wa vipuri mu depo moja hapa Lubumbashi, na mpaka leo bado nina hasira na ule bwana alikuja kutufundisha SAP, programu ya kuandikia stoki, akasema "mukikuta tofauti ya rafu na sistemu, muposti tu, sistemu itajirekebisha." Sistemu haijirekebishi, inaandika tu kile umeiambia!

Zamani tulikuwa tunahesabu Desamba peke yake, depo inafungwa, kila mutu na karatasi. Ukikuta rulmani zinakosa, labda zilitoka Februari, utamuuliza nani? Siku hizi vipuri vya bei kali na vyenye kutembea sana tunahesabu kila mwezi, kidogokidogo, asubuhi mbele ya dirisha kufunguka, na ku MI01, pale tunafungua karatasi ya kuhesabu, tunazuia kwanza kuingiza na kutoa.

Basi siku moja rulmani, sistemu inasema 46, rafu iko na 40. Mwenzangu mukono ulishafika ku MI07, pale pa kuposti tofauti. Nikamwambia ngoja papa. Angeposti, sistemu ingefanya muvumenti 702, ile ya hasara, itoe 6 kwa bei ya wastani, tuseme dola 85, zile 510 ziende ku konti ya hasara ya stoki. Nikafungua MB51, orodha ya vyenye viliingia na kutoka: wiki nzima hakuna rulmani hata moja imetoka. Haiwezekani, atelie yetu inakula rulmani kama bukari. Nikaenda moja kwa moja ku droo ya zamu ya usiku, nikavuta, boni hii hapa, ile karatasi ya kutolea vipuri, imejaa grisi, rulmani 6, sinyatire ya mekanisie, hakuna mutu ameiingiza. Nilicheka sana siku ile, nikawaonyesha wote.

Waza sasa: 702 leo, kesho mutu anaingiza boni kwa 201, muvumenti ya kutoa, sistemu inashuka mpaka 34 na rafu bado iko na 40. Biro ya kununua inaagiza rulmani za bure, mwezi ujao tunakuta "faida" ya 6, tunaposti 701, bakubwa banafurahi. Na boni isipoingia kabisa, gharama ya atelie inaonekana ndogo, sisi ba depo njo tunaonekana bezi.

Lakini usiingize boni halafu ukaposti ileile karatasi ya kuhesabu, itatoa 6 tena, maana namba ya sistemu, ile 46, ilishakamatwa wakati mulipoingiza hesabu. Tuliingiza boni kwanza, ikaenda ku gharama ya atelie, kisha MI11 tukahesabu upya: 40 kwa 40. Tofauti yenye haina boni wala fakitire nyuma yake, ile tunaposti, shefu akishasaini.

Desamba bado tunahesabu, sheria ya biashara ya OHADA inadai inventeri angalau mara moja kwa mwaka, lakini sasa ni vitu vidogo vya boluti na joini. Na kama rafu iko mutupu, usiache nafasi wazi ku MI04, pale tunaingiza hesabu, weka alama ku ZC, ile ya kusema sifuri, la sivyo SAP inadhani haujahesabu bado.