Nilivyoandika barua ya shukrani kwa familia iliyonilea Minnesota, kwanza Kiswahili halafu Kiingereza

Mwaka wa masomo 2018/2019 nilikaa Minnesota kwa familia moja, nilienda na programu ya kubadilishana wanafunzi nikiwa na miaka 17. Nyumbani kwetu ni Tanga. Niliporudi mwezi wa sita mama akaniuliza siku ya pili tu, umewaandikia wale watu? Nikamwambia tunachati wasapu kila siku mama, akasema wasapu sio barua, mtu kakulea mwaka mzima unamwandikia kwenye simu? Basi nikakaa chini niandike.

Niliandika Kiswahili kwanza kwa sababu moja, mama hasomi Kiingereza na alitaka asikie kila neno kabla halijaondoka nyumbani. Kwa hiyo mpango ukawa bahasha moja yenye karatasi mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kiswahili nilimaliza jioni moja, ila Kiingereza kilinichukua karibu wiki mbili na bado kuna sehemu niliharibu, na hizo ndo nataka niwaeleze maana najua wapo wengine wanatakiwa kuandika barua kama hii.

Barua yangu ya Kiswahili ilianza kama barua zote tulizofundishwa. "Shikamoo mama, shikamoo baba. Natumai hamjambo nyote. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu." Mama akatikisa kichwa, akasema hapo sawa. Sasa jaribu kuipeleka hiyo Kiingereza neno kwa neno. Hofu iwe juu yenu, mashaka yawe juu yenu. Nilipoisoma kwa sauti nikashtuka, inasikika kama mtu anawaapiza! Kwetu hata hatusikii tena lile neno hofu, tunasikia tu kwamba huyu ananijali, lakini mtu ambaye hajawahi kupokea barua ya Kiswahili atasoma hofu kama hofu.

Hapo ndo nikabadilisha njia. Nikachukua daftari, nikaandika sentensi zangu za Kiswahili upande wa kushoto, kulia sikuandika tafsiri, niliandika ile sentensi inafanya kazi gani. Hofu na mashaka, kazi yake ni kusema nawawaza kwa sababu siwaoni. Nikajiuliza mimi kweli nawawaza lini na kwa nini? Jibu lilikuwepo. Mwishoni mwa Januari 2019 baridi ilishuka chini ya hasi 30, shule zikafungwa, na baba wa kule akawa anatoka kila baada ya muda kuwasha gari ili isigande. Kwa hiyo kwa Kiingereza nikaandika kwamba kila nikisikia habari za baridi huko namuona baba na koti lake la kijani anatoka kuwasha gari, na natamani kujua kama mko salama. Maneno ni tofauti kabisa na ya Kiswahili ila kazi ni ileile.

Shikamoo niliiacha kama ilivyo kwenye karatasi zote mbili. Kwa kawaida ningetafuta salamu ya Kiingereza lakini hawana salamu ya mdogo kumpa mkubwa, halafu wale wanaijua. Mdogo wangu wa kule, alikuwa na miaka 9, nilimfundisha wiki ya kwanza na kila asubuhi alikuwa anamwamkia baba yake mezani anasubiri marahaba ndo anaanza kula. Kumbe hata hili neno mdogo wangu nalo lina kazi, ukilitafsiri lilivyo inakuwa kitu changu kidogo, na Kiingereza kinakulazimisha useme ni wa kiume au wa kike. Nikaweka mdogo wangu wa kiume, na kwa wazazi nikaweka mama na baba bila kuongeza neno mwenyeji, maana ndivyo nilivyokuwa nawaita.

Kosa ambalo lingeniumiza zaidi ni la saa. Ramadhani ya 2019 ilianza mwanzoni mwa mwezi wa tano, na kule mwezi wa tano mchana ni mrefu sana, huku Tanga tunafuturu kama saa kumi na mbili na robo, kule jua linazama kama saa mbili na nusu usiku, na alfajiri inaingia mapema mno. Yule mama sio Muislamu. Lakini aliweka alamu, akawa anaamka saa tisa usiku kunipikia uji wa shayiri, anakaa na mimi mezani amevaa gauni la kulalia na soksi nene, haongei, anasubiri nimalize ndo anarudi kulala, na saa moja asubuhi anaenda kazini. Nilimwambia mara nyingi mama lala nitapika mwenyewe, akasema hakuna mtoto anakula peke yake usiku kwenye nyumba yangu.

Hiyo ndo ilikuwa sentensi kuu ya barua. "Sitasahau ulivyokuwa unaamka saa tisa usiku kunipikia daku." Na kwenye drafti ya kwanza ya Kiingereza nikaandika tisa, kwa herufi, kama ilivyo kichwani. Nilikuwa nimekaa kule miezi kumi nikisoma saa yao kila siku lakini nikiandika huku nawaza Kiswahili mkono ukaandika tisa. Saa tisa usiku yao ni saa tatu yetu, watu bado wanaangalia tivii, kwa hiyo ukisoma hivo yule mama hakufanya chochote cha ajabu, shukrani yote inapotea kwa neno moja. Niliiona siku ya nne nilipokuwa nasoma tena. Tangu hapo nikitafsiri chochote nazungushia kila saa kalamu nyekundu kwanza, naongeza au napunguza sita, ndo naendelea.

Halafu kuna kuomba radhi. Kwetu huwezi kuagana na watu umekaa nao mwaka bila kusema kama niliwakosea popote nisameheni. Ni adabu, asiposema mtu unamshangaa. Nikaiweka kwa Kiingereza vilevile, kama kuna baya lolote nililowafanyia naombeni mnisamehe, na kabla hata ya barua ya posta nikaipiga picha ile drafti nikamtumia mama wa kule kwa wasapu kwa furaha tu. Haikupita nusu saa akapiga simu. Sauti imebadilika. Akaniuliza kuna kitu kilitokea ukiwa hapa ambacho hatukijui? Uko sawa? Alikuwa na wasiwasi kwelikweli, nikajitahidi kumweleza kwamba ni desturi, akaelewa, ila niliumia kwamba nimempa hofu mtu niliyetaka kumshukuru.

Nilichojifunza pale ni kwamba radhi ya jumla kwa Kiingereza inasomeka kama kuungama, msomaji anaanza kutafuta kosa lenyewe. Kwa hiyo ama unaiacha ama unataja kosa la kweli. Mimi nilikuwa nalo. Siku moja mwezi wa pili baada ya mazoezi ya mpira nilienda kwa rafiki na simu ikazima, sikuaga, na mama alitoka na gari kwenye theluji kunitafuta shuleni. Nilirudi saa mbili usiku nikamkuta mlangoni hajavua koti. Hakunigombeza, akasema tu kaa ule. Sikuwahi kumwomba radhi vizuri kwa siku ile. Basi sentensi ya jumla nikaitoa, nikaandika hiyo, na kwa kweli ile barua ya Kiingereza hapo ikawa nzito kuliko ya Kiswahili, mpaka nikarudi kwenye Kiswahili nikaiongeza na kule.

Pole nayo ilinisumbua. Niliandika "poleni na majukumu", na Kiingereza hakina pole, wana sori tu, ambayo ina hatia ndani yake au ni ya msiba. Ukimwambia mtu sori kwa kazi unazofanya atajiuliza wewe umehusikaje. Nikaifuta tu, kwa sababu habari ya saa tisa usiku ilikuwa imeshafanya kazi ya pole. Na "nawakumbuka sana" sikuiacha kama kukumbuka, maana kwao kukumbuka ni kutosahau basi, nikaweka lile neno lao la kumisi. Mwisho wa barua ya Kiingereza niliandika nawapenda, kwao ni kawaida mtoto kumwambia mama yake. Kwenye ya Kiswahili sikuweka, nisingeweza kumsomea mama yangu hilo neno kwa sauti, ningeona haya na yeye pia.

Nilipomaliza nikamsomea mama yangu ya Kiswahili yote. Akanyamaza. Akasema na mimi nina neno langu, andika. Akatamka pole pole kama mtu anayesoma, "Mwambie, umenilelea mwanangu."

Hapo nikakwama siku mbili nzima. Angesema umemlea mwanangu ningetafsiri dakika moja. Lakini alisema umenilelea, na ile -ni- na ile -lelea zinabadilisha kila kitu, maana yake umemlea kwa niaba yangu, umefanya kazi iliyokuwa yangu, na mimi nimo ndani ya hilo tendo hata kama nilikuwa mbali. Kiingereza hakina kitenzi kinachobeba yote hayo. Nikiandika umemlea mwanangu, mama yangu anatoka kwenye sentensi, nikiandika umemlea kwa ajili yangu inakuwa kama alikuwa ameajiriwa. Nilimuuliza mama, kama ungekuwa humwambii kwa neno hilo ungemwambiaje? Akafikiri huku anachambua mchele, akasema, "Mimi nilikuwa silali nikifikiri nani anampa chakula. Mwambie nilikuja kulala."

Nikaandika hivyohivyo, kwa sentensi tatu fupi za Kiingereza. Kwamba mama anasema alikuwa halali akifikiri nani ananilisha, kwamba sasa anajua ni wewe uliyekuwa umekaa na mimi usiku ule, na kwamba aliweza kulala kwa sababu wewe uliamka. Hiyo ya mwisho niliiongeza mimi, nikamrudishia mama kwa Kiswahili, akasema ndo hivyo. Chini yake nikaacha neno lenyewe umenilelea, kwa mwandiko wa mama, sio wangu.

Nilipeleka posta, ikachukua wiki tatu na kitu kufika. Yule mama wa kule hakuandika mengi kujibu. Alituma sauti ya sekunde chache wasapu, anajaribu kulitamka lile neno, anakosea kwenye -lelea, anarudia, mara ya tatu anapatia. Mama yangu aliomba nimwekee tena ile sauti.