Mashua, Nyasi na Rangi 16

Tulikuwa wanne: waandishi wawili wa msimbo wa programu, mmoja wa sauti na mmoja wa kupanga ramani za hatua. Mchoraji hatukuwa naye. Shindano lilitupa saa 48 kutengeneza gemu nzima, na saa tatu za mwanzo tukazichezea kwa kupakua kila picha iliyotupendeza.

Tulipoziweka pamoja kwenye skrini, tuliona kosa mara moja. Askari alichorwa kwa pikseli 32, miti kwa pikseli 16. Ili miti ilingane naye kwa kimo tuliikuza mara mbili, basi kila nukta ya mti ikawa na ukubwa wa nukta nne za askari. Jicho halihitaji kufundishwa ili lione hilo. Picha nzuri mbili zikikaa pamoja namna ile, zote mbili huonekana mbovu. Isitoshe, askari alikuwa na mstari mweusi kumzunguka na miti haikuwa nao.

Tukafuta vyote. Badala ya kuulizana tunapenda mtindo gani, tuliulizana ni mtindo gani unaopatikana kwa seti kamili, yaani ardhi, kuta, watu na vifaa, kutoka mkono mmoja na chini ya leseni moja. Tukachukua Tiny Town na Tiny Dungeon, seti mbili za picha za Kenney: vigae vya pikseli 16 kwa 16, leseni CC0, ambayo inaruhusu kubadilisha na hata kuuza bila sharti la kutaja jina. Tulikubaliana kuwa kila kitu kitakuzwa mara nne kamili, si mara tatu na nusu, na kichujio cha picha kiwekwe `Nearest` ili kingo zisififie.

Seti ile haikuwa na mashua ya aina tuliyoitaka, na hatua ya pili yote ilikuwa mtoni. Nzuri kuliko zote tuliipata kwenye tovuti ya OpenGameArt, lakini leseni yake ilikuwa CC BY-SA 3.0. Kubadilisha rangi zake ni kutengeneza kazi mpya iliyotokana nayo, na kazi hiyo ingebidi itolewe kwa leseni ileile au inayolingana nayo. Mwenzetu mmoja alisema hilo si tatizo, picha ni moja tu. Pengine, lakini hatukutaka kuanza kubishana saa nane za usiku kuhusu mipaka ya sharti hilo ndani ya gemu tuliyotaka kuiuza baadaye. Kwa sababu hiyo ya kuuza, zenye alama ya NC, yaani zisizoruhusu matumizi ya kibiashara, hatukuzifungua kabisa. Zilizoandikwa "bure" bila leseni yoyote tuliziacha pia, maana kupakua bure si ruhusa ya kusambaza. Tukachagua mashua ya kawaida yenye CC BY 4.0, na papo hapo tukaandika kwenye `CREDITS.txt` jina la mchoraji, kiungo cha picha, kiungo cha leseni na maneno "rangi zimebadilishwa". Hilo la mwisho ndilo watu husahau.

Sasa mashua ilikaa kama mgeni, rangi zake zikiwa zimepauka. Dawa yake ilikuwa paleti, yaani seti moja ya rangi kwa picha zote. Tulichukua ile ya PICO-8, programu ya kutengeneza gemu ndogo, rangi 16 tu, tukazihifadhi kwenye picha ndogo na kupitisha kila faili humo kwa ImageMagick:

```
magick mashua.png -dither None -remap paleti.png mashua2.png
```

Mara ya kwanza tulisahau kuweka `-dither None`, tukapata mashua yenye madoadoa kama imenyunyiziwa mchanga, kwa kuwa programu huchanganya nukta za rangi mbili kuiga rangi isiyokuwepo.

Paleti iliunganisha kila kitu, ikaleta balaa jingine: mchezaji alipotea kwenye nyasi. Nguo zake zilikuwa kahawia `#AB5236`, nyasi kijani `#008751`. Kwa rangi ni mbingu na ardhi, lakini tulipoigeuza skrini kuwa ya kijivu, kahawia ilisoma kama 105 na kijani 88, kwa kipimo cha 0 hadi 255. Karibu sawa. Tulimvisha chungwa `#FFA300`, yenye 172, na rangi hiyo tukaipiga marufuku kwenye ardhi na kuta. Tangu hapo kila kigae kipya kilipita kwanza kwenye kijivu.

Jumapili, ikiwa imebaki saa moja, tulilinganisha folda ya picha na `CREDITS.txt`, faili kwa faili. Taa moja ya ukutani haikuwa na mstari wake. Hakuna aliyekumbuka ilitoka wapi. Tuliifuta, tukaweka kigae cha ukuta cha Tiny Dungeon mahali pake, tukatuma.