Simu tatu, harusi moja na mtandao wa Lamu

Tulipojaribu mara ya kwanza kurusha video moja kwa moja kwa simu tatu kama kamera, siku moja kabla ya harusi ya binti ya shangazi, picha iliganda kila dakika. Kila simu ilirusha video mtandaoni kwa bando lake, kisha laptopu ikazivuta tena. Kumbe zote ziligombania mnara uleule.

Nikaweka uani ruta ndogo isiyo na intaneti kabisa. Simu tatu zikaunganishwa nayo, picha zikaingia OBS, programu ya kurusha video kwenye laptopu, bila kula bando. Mkondo uliotoka nje ukawa mmoja tu, kupitia simu ya nne iliyounganishwa na laptopu kwa kebo, kule darini. Kamera ya ukumbini ilikatika hadi nilipohamisha ruta kwenye masafa ya GHz 2.4, kwa kuwa GHz 5 haipenyi vizuri kuta zetu nene za matumbawe.

Asubuhi kasi ya kupakia ilikuwa megabiti 5 kwa sekunde, jioni 2. Nikaamini ya jioni: Bitrate 1000 kbps, yaani nusu ya kasi hiyo, picha 854x480. Shangazi akanung'unika kuwa picha haing'ai. Haikuganda, lakini, na Dropped Frames, yaani fremu zilizopotea njiani, haikufika asilimia 1.