Masaa manne ya majaribio jikoni, na ile sufuria ya supu

Hii ilikuwa mara yangu ya pili kuitwa jikoni kwa siku ya majaribio. Ya kwanza bado inaniuma, maana niliambiwa tu "njoo tukuone kidogo", nikafika asubuhi nikatoka usiku, tulikuwa watatu wa majaribio siku moja na mgahawa ulikuwa umefurika wateja, tukamenya na kukatakata mpaka vidole vikauma, hakuna hata mmoja aliyesimama kutuangalia tunavyofanya, na hela sikuiona. Baadaye ndo nikaelewa, anayekupima lazima akuangalie. Kama siku nzima hakuna jicho lililokugeukia, hapo hupimwi, unaziba pengo la mtu bure.

Kwa hiyo mara ya pili nilituma ujumbe kabla ya kwenda, nikauliza mambo manne tu: ni masaa mangapi, kwa saa mnalipa kiasi gani, nalipwa hata msiponichukua, na nije na nini. Shefu alinijibu mwenyewe, masaa 4, malipo ya mpishi anayeanza, hela siku hiyohiyo nichukuliwe nisichukuliwe, njoo na kisu chako kilichonolewa na viatu vya kufunika mguu visivyoteleza. Nilikuwa naogopa ataniona mjuaji kuuliza hela mapema ila hakuonyesha kukereka hata kidogo.

Nilifika dakika 10 kabla. Sikushika kisu kwanza, niliuliza pa kunawa mikono ni wapi, ubao wa nyama mbichi ni upi na wa mboga ni upi, na takataka zinaenda wapi. Afu nikalowesha kitambaa nikakamua nikatandika chini ya ubao usitembee. Nikaona Shefu ameangalia kile kitambaa, hajasema kitu, akaniletea kilo 5 za vitunguu, akasema nikate vipande vidogo vya nusu sentimita.

Sasa hapo ndo nilipoharibu. Kichwani nilikuwa nimejiambia wanapima spidi, basi nikakata kwa kasi, nikikaribia mwisho wa kitunguu nakimalizia hovyohovyo, na vingine nilikuwa nimeanza kwa kukata ule upande wa mizizi ambao ndo unashika kitunguu kisifumuke. Nimefika kama kilo moja hivi Shefu akaja, akachota kiganja kimoja akamwaga kwenye ubao, akavitandaza kwa kidole. Kulikuwa na vipande vya kila saizi, vingine kama punje ya mchele, vingine vikubwa kama ukucha wa dole gumba. Akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Hivi nikiviweka kwenye mafuta pamoja, nini kitatokea?" Nikamwambia vidogo vitaungua vikubwa vikiwa bado vibichi. "Sasa tufanyeje?"

Nakumbuka nilitaka kujitetea, niseme kisu, niseme ubao mdogo. Nikajizuia. Nikamjibu hivi vilivyokwisha haribika viende kwenye sufuria ya supu ya mifupa, kule vitachujwa hata hivyo kwa hiyo saizi haina shida, na vilivyobaki nitakata taratibu, nikimaliza cha kwanza nakuonyesha kabla sijaendelea. Akasema sawa. Nikaacha mizizi, nikakunja vidole ndani ili ubavu wa kisu upite kwenye maungio, nikakata kimoja nikamwonyesha, akakubali kwa kichwa. Nilimaliza nimechelewa sana kuliko nilivyopanga, na hakuna aliyeniambia harakisha. Mkono unapata spidi baada ya wiki kadhaa za kazi, wanalijua hilo. Walichokuwa wanakitafuta ni kama nikisahihishwa nabadilika palepale au nanuna.

Saa ya tatu hivi mpishi mmoja akazima moto wa ile supu, akachuja, akaniambia "iweke friji" huku anakimbilia oda. Sufuria ilikuwa na kama lita 10 na inatoa mvuke. Ningekuwa mtiifu tu ningeibeba moja kwa moja. Ila supu nyingi namna ile ukiiingiza friji ikiwa moto, katikati inabaki vuguvugu masaa na masaa, na kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi hata supu ichemke, hivyo vinaamka kwenye uvuguvugu ule na kuzaana, afu joto lake linapandisha hata vilivyokuwemo friji tayari. Kanuni niliyofundishwa ni kwamba ishuke kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya masaa 2, afu ifike 5 ndani ya masaa 4 mengine.

Nikamfuata Shefu, nikasubiri amalize sahani aliyokuwa anaipamba, nikamuuliza, "Shefu, hii supu hapa mnaipoza vipi, nitumie barafu na trei au kuna njia yenu?" Akasimama. Akaniuliza ningefanyaje mimi. Nikasema naigawa kwenye trei za kina kifupi, kama sentimita 5, nazikalisha juu ya barafu, nakoroga, napima kwa kipimajoto, ikipoa ndo nafunika na kubandika lebo. Akanionyesha barafu ilipo akaondoka. Kwenye lebo niliandika jina, tarehe, saa na herufi za jina langu, na zile kontena za zamani nikazisogeza mbele ili zitumike kwanza.

Na mimi nilikuwa naangalia vilevile, maana siku hiyo na wewe unawapima wao. Niliona kuku mbichi yuko rafu ya chini kabisa asidondoshee vingine maji, niliona lebo zote zina tarehe za karibu. Niliona mpishi kaangusha trei na Shefu akamuuliza kwanza kama kaungua. Hilo ndo lililonifanya niitake ile kazi kweli.

Kulikuwa na mama mmoja wa kuosha vyombo, mtu mzima, mikono imeshazoea maji ya moto. Kila nikipeleka sufuria kwake nilikuwa nakwangua mabaki kwanza, na kisu sikukitumbukiza kwenye sinki lenye povu, kwa sababu ndani ya povu hakionekani na yeye ndiye angezamisha mkono. Nikakiosha mwenyewe. Nikipita nyuma yake nasema "nyuma yako mama, kitu cha moto". Sikujua kama kuna anayesikia.

Masaa 4 yalipoisha nikafuta meza yangu, nikarudisha ubao, nikaenda kwa Shefu. Akanihesabia hela yangu yote, nikasaini. Nikamuuliza mtu nitakayechukua nafasi yake aliondoka kwa nini, na ratiba ya shifti inatoka siku ngapi kabla. Alinijibu bila kuzunguka: aliyeondoka amehama mji, ratiba inabandikwa wiki 2 kabla. Afu mbele yangu akageuka kule kwenye sinki akauliza, "Mama, huyu vipi?"

Mama hakuacha hata kusugua. "Huyu anatoa sauti akipita na hajaniachia kisu kwenye maji. Mwambie aje."

Shefu akanichukulia aproni mbili kwenye kabati, akaniambia Jumatatu nifike saa moja kabla ya jiko kufunguliwa, tuanze na vitunguu.